Kutoka wiki 14 hadi sura tano: kisa cha ripoti ya kikaushio cha maembe

Usuli

Kisa hiki kinahusu ripoti ya mradi wa mwaka wa mwisho ya mwanafunzi wa uhandisi, shahada ya kwanza, katika chuo kikuu kimoja nchini Tanzania. Jina lake, chuo, mwaka na mahali alipofanyia majaribio vimeondolewa. Ripoti iliandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi katika idara za uhandisi, hivyo dondoo zilizomo humu zimetolewa kwa Kiswahili.

Mradi ulikuwa wa kusanifu na kutengeneza kikaushio cha jua cha kukausha vipande vya maembe. Kilikuwa na kikusanya joto cha bati jeusi lililofunikwa kwa kioo, na chumba cha mbao chenye trei nne za wavu. Hewa iliingia chini ya kikusanya joto, ikapata moto, ikapanda kupitia trei na kutokea juu. Kazi ilidumu wiki 14, na kila Ijumaa mwanafunzi aliandika alichokifanya katika wiki hiyo. Muhula ulipoisha aliziunganisha kumbukumbu hizo, akaweka jalada, akapata ripoti ya kurasa 61 yenye vichwa "Wiki ya 1" hadi "Wiki ya 14".

Idara ilitaka sura tano: utangulizi, mapitio ya maandiko, mbinu, matokeo na mjadala, kisha hitimisho na mapendekezo. Mwongozo wa idara ulitaja majina ya sura na vipengele vyake, lakini haukueleza namna ya kuihamisha kazi iliyokwisha kuandikwa kwa mpangilio mwingine. Mwanafunzi alikuwa na siku kumi kabla ya kuwasilisha.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri: vipimo vilikuwepo, picha zilikuwepo, na mizani ilisomwa kila saa bila kukosa. Kilichokosekana ni ripoti ambayo mtahini angeweza kuifungua mahali fulani na kupata jibu la swali fulani.

Jaribio la kwanza la kuipanga upya

Mwanafunzi alianza kwa njia ambayo wengi huianza. Aligawa wiki kwa mafungu. Wiki ya 1 hadi ya 3 zikawa sura ya kwanza na ya pili, kwa kuwa ndipo aliposoma na kuandika pendekezo la mradi. Wiki ya 4 hadi ya 8, za utengenezaji, zikawa sura ya tatu. Wiki ya 9 hadi ya 13, za majaribio, zikawa sura ya nne, na wiki ya 14 ikawa ya tano. Alifuta vichwa vya wiki, akaandika vya sura. Kazi hiyo ilimchukua jioni moja.

Msimamizi aliirudisha na maoni mawili. Pembeni mwa sura ya tatu aliandika: "Nyuzijoto hizi zinafanya nini hapa?" Pembeni mwa sura ya nne: "Mizani hii ilikuwa ya aina gani, na kwa nini ninaisoma leo?"

Sababu ni rahisi. Katika kazi ya mikono kila wiki ina kila kitu ndani yake. Wiki ya 6 mwanafunzi alikuwa bado anapigilia mbao, lakini pia alikijaribu kikaushio cha kwanza, akakiona kimeshindwa, akaamua kuongeza dohani ya kutolea hewa. Mbinu, matokeo na mjadala vilikuwa kwenye ukurasa mmoja. Wiki ya 11, katikati ya majaribio, alibadilisha kipimajoto na kusoma andiko jipya kuhusu kasi ya hewa. Ukikata ripoti kwa wiki, unakata mahali ambapo maana haikatiki.

Uamuzi wa kufanya kazi kwa aya

Baada ya kukutana na msimamizi, kipimo cha kukatia kikabadilika kutoka wiki hadi aya. Rasimu ya awali ilihifadhiwa kama ilivyo katika faili lake, na nakala ikachapishwa kwenye karatasi. Kila aya iliwekewa pembeni tarakimu ya sura kulingana na swali inalojibu. Aya inayojibu "kwa nini tatizo hili lishughulikiwe" ilipata 1. Inayojibu "wengine wamegundua nini" ilipata 2, "ilifanywaje" ikapata 3, "ilitokea nini na kwa sababu gani" ikapata 4, na "kwa hiyo tunasema nini" ikapata 5. Herufi K ilikuwa ya viambatisho, na F ya kufutwa.

Aya zilizopata tarakimu mbili ndizo zilizokuwa na kazi kubwa, na zilikuwa karibu theluthi moja ya ripoti. Hii hapa moja, kutoka wiki ya 6:

"Tulipakia kilo 4 za vipande vya maembe, kilo 1 kwa kila trei, na kupima uzito kila saa kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni kwa siku mbili. Trei ya chini ilikauka vizuri lakini ya juu ilibaki na majimaji, na siku ya pili ukungu ulionekana. Tuligundua kuwa matundu manne ya kutolea hewa hayatoshi, hivyo wiki ijayo tutaweka dohani."

Sentensi ya kwanza ni mbinu. Ya pili ni matokeo. Ya tatu ina vitu viwili: tafsiri ya matokeo, ambayo ni ya sura ya nne, na mpango wa kazi, ambao ukishatekelezwa unageuka kuwa maelezo ya usanifu katika sura ya tatu. Aya iliandikwa upya vipande vitatu, na "tutaweka" ikawa "iliwekwa". Wakati ujao ndio alama ya haraka ya kuitambua ripoti iliyotokana na kumbukumbu za wiki au pendekezo la mradi: ukikuta kitenzi cha wakati ujao katika sura ya tatu, ujue aya hiyo imehamishwa bila kusomwa.

Kila kipande kilipopata tarakimu, kichwa chake kifupi kiliandikwa kwenye jedwali lenye safu tatu: ukurasa wa zamani, sura mpya, na kifungu ndani ya sura. Hapo ndipo kompyuta ilipofunguliwa. Kuanza na kunakili na kubandika kabla ya jedwali hili huishia kwenye faili ambalo hujui nini kimehama na nini kimesahaulika.

Uamuzi mgumu: kikaushio kilichoshindwa

Swali lililochukua muda kuliko yote lilikuwa kikaushio cha kwanza kiende wapi. Katika mpangilio wa wiki hakikuwa na shida, kwani kilitengenezwa, kikashindwa, kikarekebishwa. Katika sura tano kinagonga ukuta: sababu ya kubadilisha usanifu (sura ya tatu) ni matokeo ya jaribio (sura ya nne), na sura ya tatu haipaswi kuwa na matokeo.

Njia tatu zilijadiliwa. Ya kwanza ilikuwa kukificha na kueleza kikaushio cha mwisho tu. Ilikataliwa, kwa sababu dohani ingeonekana kama imeshuka kutoka mbinguni, na mtahini angeuliza kwa nini ina urefu ule. Ya pili ilikuwa kuweka hadithi yote katika sura ya nne. Nayo ilikataliwa, kwa kuwa sura ya nne ingejaa misumari na mbao.

Njia iliyochaguliwa ilikuwa kukigawa. Katika sura ya tatu kulikuwa na jedwali moja la vipimo lenye safu mbili, kikaushio A na kikaushio B, likionyesha kwamba vyote vina kikusanya joto na trei zilezile, ila A kina matundu manne ya nyuma na B kina dohani ya sentimita 60. Chini yake iliandikwa sentensi moja: "Dohani iliongezwa kutokana na matokeo ya kikaushio A, yaliyoelezwa katika kifungu cha 4.1." Utaratibu wa kupima uliandikwa mara moja tu, kwa ajili ya vyote viwili. Sura ya nne ikaanza na 4.1, kikaushio A, kisha 4.2, kikaushio B.

Kuelekeza mbele kwa namna hii kunaruhusiwa, na hakuna haja ya kuona haya. Kisichoruhusiwa ni kumwaga tarakimu za jaribio katika sura ya mbinu ili kujitetea.

Malengo na kazi havikulingana

Pendekezo la mradi lilikuwa na malengo mahsusi matatu: kusanifu na kutengeneza kikaushio, kulinganisha utendaji wake na uanikaji wa wazi, na kupima upotevu wa vitamini C. Jedwali la aya lilipokamilika, lengo la tatu halikuwa na aya hata moja katika fungu la 4. Kipimo hakikufanyika kwa sababu kemikali za maabara hazikupatikana. Upande mwingine, kulikuwa na kurasa tano za gharama za vifaa ambazo hazikuwa chini ya lengo lolote.

Mwanafunzi alitaka kufuta lengo la tatu kimyakimya. Hilo ni hatari, kwani pendekezo lilikwisha kupitishwa na idara ina nakala. Alimwandikia msimamizi, akapata idhini ya maandishi ya kuliondoa, akalitaja katika mipaka ya mradi mwishoni mwa sura ya kwanza, na kuliweka kama pendekezo la kwanza katika sura ya tano. Gharama zilifupishwa kuwa jedwali moja chini ya lengo la kwanza, maana uamuzi wa kutumia mbao badala ya chuma ulitokana nazo. Orodha kamili ya bei ilikwenda kwenye viambatisho.

Sura ya nne ikapangwa kwa malengo mawili yaliyobaki, si kwa siku za majaribio. Mpangilio wa siku hadi siku hurudi kwa urahisi katika sura hii, kwa sababu data yenyewe imeandikwa kwa tarehe. Tiba yake ni kuandika lengo lenyewe kama kichwa cha kifungu, kisha kuuliza ni jedwali gani linalolijibu.

Kosa lililojitokeza wakati wa kupanga

Majedwali ya unyevu yalipowekwa pamoja kwa mara ya kwanza, lilionekana jambo ambalo kurasa 61 zilikuwa zimelificha. Wiki ya 6 iliandika kwamba baada ya siku mbili maembe ya kikaushio A yalibaki na unyevu wa asilimia 100. Wiki ya 11 iliandika kwamba maembe ya kikaushio B yalibaki na asilimia 15.3. Maembe mabichi yenyewe yalikuwa na asilimia 82. Ikiwa mabichi yana 82, yaliyokaushwa siku mbili hayawezi kuwa na 100.

Hesabu hazikuwa mbovu, ila misingi ilikuwa miwili. Uzito wa maji unaweza kugawanywa kwa uzito wote wa tunda, au kwa uzito wa kikavu peke yake, yaani tunda bila maji yake. Wiki ya 6 alitumia msingi wa kikavu, na wiki ya 11 msingi wa uzito wote. Kilo 4 zenye unyevu wa asilimia 82 zina kikavu kilo 0.72, na hicho hakibadiliki wakati wa kukausha. Kwa hiyo zilirudiwa zote kwa fomula moja:

```
unyevu (%) = (uzito wa sasa - 0.72) / uzito wa sasa x 100
```

Kikaushio A kilibakiza kilo 1.44, sawa na asilimia 50. Kikaushio B kilibakiza kilo 0.85, sawa na asilimia 15.3. Maembe yaliyoanikwa wazi, kilo 4 pia, yalibaki kilo 1.20, sawa na asilimia 40. Msingi uliotumika ukatajwa katika sura ya tatu na tena kwenye kichwa cha jedwali.

Jedwali hilohilo lilifichua udhaifu wa pili. Uanikaji wa wazi ulipimwa sambamba na kikaushio B tu. Kikaushio A kilijaribiwa wiki kadhaa kabla, katika hali nyingine ya hewa. Ripoti ya wiki ilidai kwamba dohani ndiyo iliyoshusha unyevu, na dai hilo lilisomeka kama la kawaida kwa kuwa moja lilifuata jingine. Katika sura ya nne iliyopangwa kwa malengo, dai lililosimama ni kati ya B na uanikaji wa wazi: siku zilezile, saa 16 za kukausha, asilimia 15.3 dhidi ya 40. Ulinganisho wa A na B ulibaki kama sababu ya usanifu, ukiwa na sentensi inayosema wazi kwamba hali ya hewa haikuwa moja.

Kushona viungo

Kuhamisha aya huacha maneno yanayoelekeza pasipo kitu. Faili jipya lilitafutwa neno kwa neno: "hapo juu", "hapo chini", "wiki iliyopita", "baadaye", "kama tulivyoona". Kila moja lilibadilishwa kuwa namba ya kifungu, jedwali au mchoro, au likafutwa. Vifupisho navyo vilikaguliwa, kwa kuwa kifupisho kilichofafanuliwa wiki ya 2 kinaweza sasa kutokea kwanza katika aya iliyotoka wiki ya 12.

Katika Microsoft Word, vichwa vya sura viliwekwa kwa mtindo wa `Heading 1` na vifungu kwa `Heading 2`, ili yaliyomo yajitengeneze. Namba ya sura ikiwa ni ya maneno, vifungu hutoka na neno badala ya tarakimu, na dawa yake ni kuweka alama kwenye `Legal style numbering` katika mipangilio ya orodha ya ngazi nyingi. Majedwali na michoro yalipewa namba kwa `Insert Caption`, na marejeo yake kwa `Cross-reference`. Mwishoni `Ctrl+A` kisha `F9` huvisasisha vyote. Baada ya hapo ni lazima kutafuta maneno `Error! Reference source not found.`, maana hujitokeza mahali ambapo jedwali lililorejelewa limefutwa, na huchapishwa hivyohivyo kama hakuna aliyeangalia.

Ikisiri iliandikwa mwisho kabisa. Ile ya zamani ilianza na "Mradi huu ulianza kwa kutembelea soko", ikatupwa yote.

Matokeo

Kazi ilikamilika siku moja kabla ya tarehe ya kuwasilisha. Kurasa zilishuka kutoka 61 hadi 46 bila viambatisho. Upungufu mkubwa ulitokana na maelezo ya utaratibu wa kupima, yaliyokuwa yamerudiwa katika kila wiki ya majaribio. Kumbukumbu za wiki hazikupotea: zilibaki kama daftari la kazi, ambalo idara hulipokea kando.

Ukaguzi wa muundo ulipita. Katika utetezi, swali la kwanza la mtahini lilihusu hali ya hewa ya majaribio ya A na B, na jibu lilikuwa tayari kwenye ukurasa. Hata hivyo sura ya pili ilirudishwa kwa marekebisho.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kugawa kwa swali badala ya wakati. Kuweka tarakimu pembeni kunaonekana kama kazi ya karani, lakini ndiko kulikolazimisha kila sentensi ijieleze inatumika wapi. Kufanya hivyo kwenye karatasi kulisaidia: kwenye skrini mtu huanza kurekebisha lugha ya aya ambayo pengine itafutwa. Siku mbili zilizotumika humo ziliokoa muda wa kuhamisha, ambao haukufika siku moja.

Idhini ya maandishi kuhusu lengo la tatu nayo ilikuwa uamuzi sahihi, ingawa ilikuja kwa kuchelewa. Jedwali la malengo dhidi ya aya lingeweza kutengenezwa katikati ya muhula, wakati ambapo bado kulikuwa na nafasi ya kutafuta kemikali kwenye maabara nyingine.

Njia hii ilishindwa kwenye sura ya pili, na sababu yake inafaa kueleweka. Aya zenye tarakimu 2 zilikuwa kumi na tatu, zikiwa zimetawanyika kutoka wiki ya 1 hadi ya 12, kila moja ikieleza andiko moja lililosomwa wiki hiyo. Zilipokusanywa zilitoa orodha: fulani alifanya hivi, fulani akafanya vile. Sura nyingine zinaweza kukusanywa kutoka kwenye kumbukumbu kwa sababu kumbukumbu zinahusu kazi yenyewe. Mapitio ya maandiko hayakusanyiki hivyo. Yanahitaji hoja inayoyaunganisha maandiko, na hoja hiyo haikuwahi kuandikwa katika wiki yoyote.

Marekebisho yalifanyika kwa mada tatu zilizotoka moja kwa moja kwenye maamuzi ya usanifu: aina za vikaushio vya jua, mtiririko wa hewa na njia za kuutoa nje, na unyevu unaofaa kuhifadhia matunda makavu. Maandiko yaleyale kumi na tatu yaligawanywa chini ya mada hizo, mengine yakitokea chini ya mbili, na kila mada ikafungwa kwa sentensi inayosema ni nini bado hakijapimwa. Mada ya mtiririko wa hewa ndiyo iliyobeba uzito, kwa kuwa ndiyo iliyotoa sababu ya dohani isiyotegemea kushindwa kwa kikaushio A peke yake: maandiko mawili aliyoyasoma mwanafunzi wiki ya 9 na ya 11, baada ya kuijenga, yalieleza tatizo hilohilo la unyevu kunasa kwenye trei za juu. Katika ripoti ya mwisho yapo sura ya pili, na yanarejelewa tena katika 4.1, pale matokeo ya kikaushio A yanapofafanuliwa.